Mraba Uliojificha Ndani ya Baki

Ukizidisha 67 kwa 67 unapata 4,489. Gawanya hiyo 4,489 kwa 641: inaingia mara 7 na kubaki 2. Kwa hiyo, katika hesabu ambayo kila jibu hugawanywa kwa 641 na kinachotunzwa ni baki peke yake, namba 67 ni kipeuo cha pili cha 2. Darasani kipeuo hicho ni desimali isiyokwisha, 1.41421 na kuendelea. Humu ni namba kamili ya tarakimu mbili, na yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuihakikisha.

Sasa ondoa 2, weka 3. Je, ipo namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa 641, itabaki 3? Anayependa kuhangaika anaweza kuanza na 1, aje 2, aje 3, mpaka afike 640, na hataipata. Haipo. Lakini hakuna haja ya kuhangaika hivyo. Ichukue hiyo 3, ipandishe hadi kipeo cha 320, ambacho ni nusu ya 640, kisha utazame baki. Ikibaki 1, kipeuo kipo. Ikibaki 640, hakipo. Jibu la tatu halitokei.

Njia hiyo huitwa kigezo cha Euler, kwa jina la Leonhard Euler, mwanahisabati aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, akafanya kazi miaka mingi St. Petersburg na Berlin, na kufariki St. Petersburg mwaka 1783. Hiyo 641 nayo ina nafasi yake katika maisha yake. Karibu miaka mia moja kabla yake Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba si tasa, kwa sababu ni zao la 641 na 6,700,417. Ugunduzi huo utatusaidia tutakapoipima 2 kwa 641.

Hesabu ya baki yenyewe si ngeni kwa mtu aliyewahi kujiuliza siku 100 kutoka leo itakuwa siku gani. Wiki ina siku 7. Ukigawanya 100 kwa 7 inabaki 2. Basi kama leo ni Jumatatu, siku hiyo itakuwa Jumatano. Wiki 14 zilizopita katikati hazibadilishi jibu. Ndivyo ilivyo hapa pia: mtu anaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na wakati wowote namba ikinenepa anaigawanya kwa kigawanyo chake na kuendelea na baki. Jibu la mwisho halitofautiani na lile ambalo angepata kama angesubiri agawanye mara moja mwishoni. Jambo jingine la kushika ni namba hasi. Katika baki za 13, namba 12 na hasi 1 ni kitu kilekile, kwa kuwa zinapishana kwa 13 kamili. Katika baki za 641, hasi 1 ndiyo 640.

Ili kuona kinachoendelea, ni vizuri kuanza na kigawanyo kidogo, tuseme 13. Ukichukua namba 1 hadi 12, kila moja ukaizidisha kwa yenyewe na kuandika baki, unapata mfululizo huu: 1, 4, 9, 3, 12, 10, halafu 10, 12, 3, 9, 4, 1. Nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa. Sababu yake ni kwamba 12 ni hasi 1, 11 ni hasi 2, 10 ni hasi 3, na kadhalika, na hasi mara hasi ni chanya. Hivyo miraba ni sita tu: 1, 3, 4, 9, 10 na 12. Namba sita zilizobaki, yaani 2, 5, 6, 7, 8 na 11, hazina kipeuo cha pili. Kila namba tasa isiyo 2 huzigawa hivyohivyo namba zilizo chini yake, nusu kwa nusu kamili. Kwa 641, namba 320 zina kipeuo na 320 hazina. Namba 2 yenyewe imeachwa nje kwa sababu ukitoa 1 kwenye 2 inabaki 1, ambayo haina nusu iliyo namba kamili; ndiyo maana kigezo hiki husemwa kuwa ni cha namba tasa zilizo witiri.

Tukijaribu kigezo kwa 13, nusu ya 12 ni 6. Chukua 3: mara tatu kwa yenyewe ni 27, inabaki 1, kwa hiyo kipeo cha 6 nacho kinabaki 1. Na kweli 3 imo katika orodha ya miraba. Chukua 2: kipeo chake cha 6 ni 64, ukigawanya kwa 13 inabaki 12. Na kweli 2 haimo.

Kwa nini baki iwe 1 au hasi 1, isiwe 5 au 8? Sababu iko katika jambo ambalo Fermat alimwandikia Frénicle de Bessy mwezi Oktoba 1640: namba yoyote isiyogawanyika kwa namba tasa, ukiipandisha hadi kipeo kilicho pungufu kwa 1 kuliko hiyo namba tasa, hubaki 1. Kwa 13, kipeo hicho ni 12. Kipeo cha 12 ni kipeo cha 6 kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa hiyo baki ya kipeo cha 6, iwayo yoyote, ni namba ambayo mraba wake ni 1. Katika baki za namba tasa namba za aina hiyo ni mbili tu, 1 na hasi 1. Fermat hakuacha uthibitisho wa kauli yake. Uthibitisho wa kwanza kuchapishwa ulitoka kwa Euler.

Hapo tumepata kwamba majibu ni mawili. Bado hatujaona kwa nini jibu moja limefungamana na kuwepo kwa kipeuo na jingine na kutokuwepo kwake. Hoja nzuri kuliko zote kwa macho ya mwandishi huyu ni ile ya jozi, iliyotumiwa na Mjerumani Dirichlet katika karne ya 19. Uzuri wake ni kwamba haihitaji aljebra nzito, na mtu anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi.

Andika namba 1 hadi 12. Kila namba itafutiwe mwenzake, ili zikizidishwa zibaki 2 baada ya kugawanya kwa 13. Namba 1 inakwenda na 2. Namba 3 inakwenda na 5, maana 15 inabaki 2. Namba 4 inakwenda na 7, kwa kuwa 28 inabaki 2. Kisha 6 na 9, zao lao 54. 8 na 10, zao lao 80. Na mwisho 11 na 12, zao lao 132. Zote zinabaki 2. Jozi ni sita, na hakuna namba iliyokosa mwenzake wala iliyojioa yenyewe, kwa sababu namba ya kujioa yenyewe ingekuwa kipeuo cha pili cha 2, na kipeuo hicho hakipo. Basi ukizidisha namba zote kumi na mbili kwa pamoja, baki ni sawa na ya 2 iliyozidishwa mara sita, yaani kipeo cha 6 cha 2.

Rudia kazi ileile, safari hii jozi zibaki 3. Namba 1 inakwenda na 3, 2 na 8, 5 na 11, 6 na 7, 10 na 12. Jozi ni tano tu. Zimebaki 4 na 9, nazo hazikosi mwenza kwa bahati mbaya: 4 mara 4 ni 16, inabaki 3, na 9 mara 9 ni 81, inabaki 3 vilevile. Hizo ndizo vipeuo viwili vya 3, na kila moja imejikuta mwenzake ni yenyewe. Tukizizidisha zenyewe kwa zenyewe, 4 mara 9 ni 36, ambayo inabaki 10, yaani hasi 3. Ndivyo itakavyokuwa daima, kwa kuwa kipeuo kimoja ni hasi ya kingine. Kwa hiyo zao la namba zote kumi na mbili ni 3 mara tano, kisha mara hasi 3: ni kipeo kilekile cha 6 cha 3, ila kimevaa alama ya hasi.

Lakini zao la namba zote kumi na mbili ni moja, haijalishi umezipanga kwa jozi gani. Ni 479,001,600, na ukiligawanya kwa 13 linabaki 12, yaani hasi 1. Hili nalo halikutokea kwa 13 peke yake. Panga jozi ambazo zao lao ni 1: watakaojikuta wenyewe ni 1 na hasi 1 tu, jozi nyingine zote zinatoa 1, na zao la wote linabaki hasi 1 kwa namba tasa yoyote witiri. Sasa mambo yanakutana. Namba isiyo na kipeuo, kipeo chake cha nusu ni sawa na hasi 1. Namba yenye kipeuo, hasi ya kipeo chake cha nusu ni sawa na hasi 1, kwa hiyo kipeo chenyewe ni 1. Tofauti nzima ya majibu imetokana na namba mbili zilizobaki bila jozi.

Turudi 641. Kupandisha 3 hadi kipeo cha 320 kunasikika kama adhabu, maana namba kamili ingekuwa na tarakimu 153. Siri ni kuzidisha namba kwa yenyewe na kutupa kila mara kilicho zaidi ya 641. Kipeo cha 2 cha 3 ni 9. Cha 4 ni 81. Cha 8 ni 81 mara 81, yaani 6,561, inabaki 151. Cha 16 ni 151 mara 151, inabaki 366. Cha 32 ni 366 mara 366, ambayo ni 133,956, inabaki 628. Hapa mwenye jicho la haraka ataandika hasi 13 badala ya 628, kwa sababu zinapishana kwa 641, na kazi inayofuata itakuwa nyepesi: kipeo cha 64 ni hasi 13 mara hasi 13, yaani 169. Cha 128 ni 169 mara 169, inabaki 357. Cha 256 ni 357 mara 357, inabaki 531.

Namba 320 ni 256 na 64. Kwa hiyo kinachohitajika ni 531 mara 169, sawa na 89,739. Ukitoa 641 mara 139, inabaki 640. Jibu ni hasi 1, basi 3 haina kipeuo cha pili katika baki za 641. Tumezidisha mara tisa tu, na hakuna hata namba moja iliyojaribiwa kama kipeuo.

Kwa 2 kazi ni fupi zaidi, na hapa ndipo ugunduzi wa 1732 unapoingia. Kama 641 inagawanya 2³² + 1 bila baki, basi kipeo cha 32 cha 2 ni hasi 1. Kipeo cha 320 ni hicho cha 32 kilichozidishwa mara kumi, na hasi 1 mara kumi ni 1. Kipeuo cha 2 kipo. Anayetaka kukiona hahitaji kutafuta mbali. Kipeo cha 8 cha 2 ni 256. Cha 16 ni 65,536, inabaki 154. Cha 24 ni 154 mara 256, inabaki 323. Toa 323 kwenye 256, unapata hasi 67. Si bahati tu: ukizidisha tofauti hiyo kwa yenyewe unapata kipeo cha 16, toa kipeo cha 32 mara mbili, ongeza kipeo cha 48. Kwa kuwa kipeo cha 32 ni hasi 1, kipeo cha 48 ni hasi ya kipeo cha 16, hivyo viwili vinafutana na kinachobaki ni 2.

Mwenye kompyuta yenye lugha ya Python anaweza kufanya yote haya kwa mistari miwili, kwa sababu amri ya `pow` ikipewa namba tatu hutupa baki kila hatua kama ilivyofanyika hapo juu:

```
>>> pow(3, 320, 641)
640
>>> pow(2, 320, 641)
1
```

Kuna makosa mawili ambayo wanaoanza huyafanya hapa. La kwanza ni kuandika `3**320 % 641`. Jibu ni lilelile, lakini kompyuta imelijenga jitu zima la tarakimu 153 ndipo ikaligawanya. Kigawanyo kikiwa na tarakimu 78, kama kile tutakachokutana nacho baadaye, namba hiyo isingeenea katika kompyuta yoyote. La pili ni kuipata nusu kwa alama ya `/`, ambayo Python huitolea jibu la desimali, 320.0, kisha `pow` inakataa. Alama ya kutumia ni `//`. Na baki ikiwa 0, maana yake namba inayopimwa inagawanyika kwa kigawanyo chenyewe. Hiyo ina kipeuo kimoja, ambacho ni 0, na kigezo hakikukusudiwa kwa ajili yake.

Sharti zito zaidi ni kwamba kigawanyo lazima kiwe namba tasa. Hoja ya jozi imelitegemea sharti hilo mara mbili bila kupiga kelele. Mara ya kwanza, kila namba imepata mwenza mmoja tu. Mara ya pili, mraba ukiwa mmoja, vipeuo ni viwili, si zaidi. Weka 15, ambayo ni 3 mara 5, na yote yanavunjika. Namba 1, 4, 11 na 14, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe inabaki 1: vipeuo vinne vya namba moja. Nusu ya 14 ni 7. Kipeo cha 7 cha 2 ni 128, inabaki 8, ambayo si 1 wala hasi 1. Namba 4 ni mraba wa wazi wa 2, lakini kipeo chake cha 7 kinabaki 4. Mtu akitumia kigezo bila kuuliza kama kigawanyo ni tasa, anaweza kupata jibu lisilo na maana yoyote.

Udhaifu huo ukageuzwa kuwa chombo. Mwaka 1977 Robert Solovay na Volker Strassen walichapisha kipimo cha kuitambua namba isiyo tasa: chagua namba ndogo yoyote, ipandishe hadi kipeo cha nusu, na baki ikitoka tofauti na 1 na hasi 1, umepata ushahidi kamili kwamba kigawanyo si tasa, hata kama hujui hata kigawo chake kimoja. Mfano mzuri ni 561. Ukiipima kwa 2, kipeo cha 280 kinabaki 1, na 561 inapita kama tasa. Ukiipima kwa 5, kipeo cha 280 kinabaki 67, na hila imefichuka: 561 ni 3 mara 11 mara 17. Solovay na Strassen hawakuishia kuuliza kama baki ni 1 au hasi 1. Waliilinganisha na alama ya Jacobi, ambayo hukokotolewa kwa njia nyingine na isiyohitaji kujua vigawo, na wakathibitisha kwamba namba witiri isiyo tasa itafichuliwa na angalau nusu ya namba zinazoweza kuchaguliwa. Ikipita mara 20 kwa namba zilizochaguliwa kwa kubahatisha, nafasi ya kudanganywa haifiki moja katika milioni.

Siku hizi swali la kuwepo kwa kipeuo linajibiwa na mashine mahali ambapo wengi wasingelitarajia, na mfano ulio rahisi kueleza ni sarafu ya kidijitali ya bitikoini. Ufunguo wa wazi wa mtumiaji, ule anaoruhusiwa kumwonyesha mtu yeyote, ni nukta yenye namba mbili, x na y, zinazotimiza mlinganyo y² = x³ + 7. Hesabu yote hufanywa katika baki za namba tasa 2²⁵⁶ − 2³² − 977, yenye tarakimu 78. Kuandika x na y zote mbili huchukua baiti 65. Kwa hiyo watunga programu huandika x peke yake na baiti moja mbele yake, jumla baiti 33. Baiti hiyo ya mbele ni 02 kama y ni shufwa na 03 kama ni witiri. Inatosha, kwa sababu vipeuo viwili vikijumlishwa vinatoa namba tasa yenyewe, ambayo ni witiri, hivyo kimoja lazima kiwe shufwa na kingine witiri.

Anayepokea ufunguo huo uliofupishwa hukokotoa x³ + 7, na sasa anakabiliwa na swali letu: hii namba ina kipeuo, na ni kipi? Karibu nusu ya namba zote zinazoweza kuandikwa mahali pa x hazikubali, kwa hiyo swali si la adabu tu. Kwa bahati namba tasa iliyochaguliwa ikigawanywa kwa 4 inabaki 3, na kwa namba tasa za aina hiyo kipeo kinachopatikana kutokana na kile cha nusu hutoa kipeuo chenyewe. Namba ndogo ya aina hiyo ni 23. Nusu ya 22 ni 11. Ongeza 1 upate 12, gawanya kwa 2 upate 6. Sasa ipandishe namba hadi kipeo cha 6. Ukiizidisha baki hiyo kwa yenyewe unapata kipeo cha 12, ambacho ni kipeo cha 11 mara namba yenyewe. Kama kipeo cha 11 ni 1, umebaki na namba yenyewe, yaani umekipata kipeuo. Kwa 3: kipeo cha 6 ni 729, inabaki 16, na 16 mara 16 ni 256, inabaki 3.

Kwa 5 kipeo cha 6 kinabaki 8. Mashine isiyo makini ingeitoa hiyo 8 kama kipeuo. Lakini 8 mara 8 ni 64, inabaki 18, ambayo ni hasi 5. Namba 5 haina kipeuo katika baki za 23, na njia hii imetoa kipeuo cha hasi 5 bila kulalamika. Ndiyo sababu programu iliyoandikwa vizuri hukokotoa kipeuo, kisha hukizidisha kwa chenyewe na kulinganisha na x³ + 7. Zisipolingana, ufunguo unakataliwa. Programu ikiruka ukaguzi huo, inaweza kupokea nukta isiyotimiza mlinganyo, na hesabu zote zinazofuata zitafanywa juu ya kitu ambacho si ufunguo. Kazi yenyewe si kubwa: kwa namba tasa hiyo ya tarakimu 78, hata mtu akifuata njia ya wazi ya kuzidisha mara kwa mara kama tulivyofanya kwa 641, hazidi mizidisho 510 au hapo karibu.

Namba tasa zinazobaki 1 zikigawanywa kwa 4, kama 13 na 641, hazina njia ya mkato ya namna hiyo. Kigezo kinasema kipeuo kipo, kisha kinanyamaza. Mbinu ya kukipata ilitolewa na Mwitalia Alberto Tonelli mwaka 1891, na Mmarekani Daniel Shanks akaifikia tena kwa namna yake katika miaka ya 1970. Mbinu hiyo inahitaji kitu kimoja cha kuanzia: namba yoyote ambayo haina kipeuo. Kwa 641 inatosha kutumia 3, ambayo tumeshaipima, na ndiyo ndogo kuliko zote za aina yake.

Katika matumizi hili halimsumbui mtu. Nusu ya namba zote hazina kipeuo, basi unachagua moja kwa kubahatisha, unaipandisha hadi kipeo cha nusu, na ikibaki 1 unachagua nyingine. Kwa wastani unamaliza katika jaribio la pili. Hata hivyo, mwanahisabati akiombwa njia ya haraka isiyobahatisha, iliyothibitishwa kwa kila namba tasa kubwa, hana ya kuonyesha. Mwaka 1990 Eric Bach alithibitisha kwamba namba ndogo kuliko zote isiyo na kipeuo haifiki mara mbili ya mraba wa logi asilia ya kigawanyo, hivyo mtu angeweza kuzipima namba kwa mpangilio kuanzia 2 na kuifikia mapema. Uthibitisho wake umesimama juu ya nadharia tete ya Riemann katika umbo lake pana, ambayo hadi leo hakuna aliyeithibitisha.